Shahidi Aliyeshuhudia Dhidi ya Watu Wake



Usiku mmoja wa Ramadhani iliyopita, baada ya tarawehe, tulibaki wachache msikitini pale chuoni tukizungumza vitabu. Kila mmoja alitakiwa aeleze kwa ufupi kitabu alichokisoma mwaka huo. Zamu yangu ilipofika nilieleza shajara ya mwalimu mmoja wa Algeria, Mouloud Feraoun, aliyekuwa akiandika mambo aliyoyaona na kuyasikia wakati wa vita vya kuwaondoa Wafaransa. Nilipotaja waliyoyafanya wanajeshi wa Kifaransa vijijini, wenzangu walitikisa vichwa kwa huzuni. Lakini nilipoongeza kwamba mwalimu huyo huyo aliandika pia maovu ya wapiganaji wa uhuru, kaka mmoja wa mwaka wa tatu alinikatiza.

"Akhi," akasema, "wewe unaona ni sawa kuanika aibu za mujahidina? Wale waliokufa ni mashahidi. Sisi tumefundishwa kusitiri. Na huyo mwalimu aliyesomeshwa na Wafaransa, alikuwa akimwandikia nani?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha. Tulinyanyuka, tukaenda kulala, lakini swali nililala nalo. Tena lilinigusa kwa sababu ambayo wale wenzangu hawakuijua. Tangu likizo iliyotangulia nilikuwa na daftari ambamo nilikuwa naandika masimulizi ya babu yangu, aliyekuwa kijana hapa Buyenzi wakati nchi yetu inaelekea kwenye uhuru wa 1962. Ndani ya daftari hilo kuna ukurasa mmoja ambao, baada ya kunisimulia, aliniambia: "Hilo usiliandike, mjukuu wangu." Nami nilikuwa nimeshaliandika.

Basi makala hii ni jaribio la kumjibu yule kaka, na kujijibu mwenyewe. Je, mtu wa kawaida aliyeishi katika harakati za haki ana wajibu wa kusema mabaya ya upande wake? Au anayo ruhusa tu? Au hata ruhusa hana?

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Feraoun alizaliwa 1913 katika kijiji cha Tizi Hibel, kwenye milima ya Kabilia, nchi ya Waamazighi, mashariki ya mji wa Algiers. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini, na baba yake aliwahi kwenda Ufaransa kufanya kazi za sulubu ili familia ipate kula. Mtoto alifaulu shuleni, akapata msaada wa masomo, akaingia chuo cha walimu cha Bouzaréah, akarudi milimani kufundisha. Aliandika riwaya kuhusu utoto wa mwana wa maskini, iliyotoka 1950. Wapo watakaosema kwamba mtu mwenye riwaya si mtu wa kawaida tena. Mimi naona ukawaida wake uko mahali pengine: hakuwa kiongozi, hakubeba bunduki, hakuwa na siri ya upande wowote. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule katika mji mdogo wenye ngome ya jeshi la Kifaransa, huku wanafunzi wake wakitoka katika vijiji ambavyo usiku vilitembelewa na wapiganaji. Mchana alitakiwa awe wa hawa na usiku awe wa wale.

Vita vilianza tarehe 1 Novemba 1954, baada ya zaidi ya miaka 120 ya ukoloni. Feraoun alianza kuandika mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 1 Novemba 1955, katika madaftari ya shule kama haya tunayonunua dukani. Aliendelea hadi tarehe 14 Machi 1962. Kesho yake, tarehe 15 Machi, alikuwa katika kikao cha kazi kwenye kiunga cha Algiers. Wakati huo alikuwa mkaguzi wa vituo vya elimu kwa watu wasiojiweza. Watu wenye silaha wa OAS, jeshi la siri la walowezi waliokataa Algeria iwe huru, waliingia, wakasoma majina kutoka kwenye orodha, wakawatoa nje watu sita, wakawapanga ukutani na kuwapiga risasi. Watatu walikuwa Waalgeria na watatu Wafaransa. Mkataba wa kusimamisha vita ulitiwa saini siku tatu baadaye. Shajara ilichapishwa mwaka huo huo, mwenyewe akiwa kaburini kijijini kwao.

Nimetaja mwisho wake mapema kwa makusudi, kwa sababu unajibu sehemu moja ya swali la yule kaka. Aliuliza mwalimu alikuwa akimwandikia nani. Wakati vita vinaendelea hakuwa akimpa mtu asome gazetini. Kama wanajeshi wangepekua nyumba na kuyakuta madaftari yale, yalitosha kumpeleka kwenye mateso. Na kama wapiganaji wangeyasoma, yalitosha kumfanya aitwe msaliti, na tunajua msaliti alifanywa nini. Mtu anayetaka kumfurahisha bwana wake haandiki kitu ambacho mabwana wote wawili wangemuua kwacho.

Sasa yalikuwamo nini? Ndani ya shajara utakuta misako ya jeshi: vijiji kuzingirwa alfajiri, wanaume kukusanywa uwanjani, nyumba kupekuliwa na akiba ya chakula kumwagwa, watu kuchukuliwa wasirudi, wanawake kuvunjiwa heshima zao na askari. Anayaandika kwa hasira ya mtu anayewajua waliotendewa kwa majina na kwa nyumba zao. Anaieleza pia aibu yake binafsi, kwamba yeye aliyefundisha watoto lugha ya Kifaransa na sifa za Ufaransa sasa anaona Ufaransa hiyo hiyo ikifanya haya. Kadiri miaka inavyokwenda anazidi kusadiki kwamba uhuru hauna budi kuja na kwamba ni haki. Hilo ni muhimu tulishike. Hakuwa mtu wa katikati asiyejua haki iko wapi.

Lakini katika kurasa zile zile yumo mwanakijiji aliyekutwa amechinjwa kwa kudhaniwa jasusi. Zimo amri za chama cha ukombozi, FLN: marufuku tumbaku, marufuku pombe, marufuku kupeleka watoto kwenye shule ya mkoloni, toa mchango. Kususia tumbaku kulikuwa na maana, kwa sababu mkoloni alifaidika nayo, na sisi Waislamu hatutalia kwa sababu mtu kakatazwa sigara. Ila katika vita vile kuna waliokatwa pua kwa kuvuta. Kuna shule zilizochomwa moto, na mwalimu alijua ni watoto gani hawatarudi tena darasani. Feraoun anajiuliza waziwazi kama watu wanaozoea kuamrisha kwa kisu watajua kutawala kwa njia nyingine watakapopata dola. Aliuliza hivyo miaka mingi kabla yeyote hajajua jibu.

Kiswahili chetu kina jambo moja hapa la kustaajabisha, ingawa limetoka kwenye Kiarabu. Neno *shahidi* tunalitumia kwa watu wawili. Kuna shahidi anayesimama mbele ya kadhi akasema alichokiona, na kuna shahidi aliyekufa katika njia ya Allah. Algeria inajiita nchi ya mashahidi milioni moja na nusu, na ni mashahidi wa maana ya pili wanaokusudiwa. Yule kaka alipotetea mashahidi alikuwa akiwatetea hao. Nilipomtetea Feraoun nilikuwa nikimtetea shahidi wa maana ya kwanza. Ugomvi wetu ulikuwa ndani ya neno moja.

Tuangalie basi Qur'ani inamtaka nini shahidi wa maana ya kwanza. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, waumini wanaamrishwa wasimamishe uadilifu na wawe mashahidi kwa ajili ya Allah, hata kama ushahidi huo ni juu ya nafsi zao, au wazazi wao, au jamaa zao. Sisemi ni aya rahisi. Huwa tunaisoma haraka kwa sababu tunadhani inahusu mambo ya deni na mirathi. Lakini hakuna neno linaloiwekea mpaka wa wakati wa amani. Na katika Suratul-Maida, aya ya 8, tunakatazwa chuki ya watu isitupeleke kwenye kukosa uadilifu. Ukiziweka aya mbili pamoja, unapata mtu wa namna ya pekee: asiyemdhulumu adui kwa kumchukia wala asiyempendelea ndugu kwa kumpenda. Mtu huyo hana marafiki wengi wakati wa vita.

Hoja ya kusitiri nayo ina nguvu, tusiipuuze. Anayemsitiri Muislamu, Allah atamsitiri. Hadithi hiyo tunaijua sote. Kusengenya kumefananishwa na kula nyama ya ndugu aliyekufa, na hawa ndugu ni wafu kweli. Ila wanazuoni waliona zamani kwamba kanuni hii ikiachwa bila mipaka itawalinda madhalimu. Imamu Nawawi, katika Riyadhus-Swalihin, ametaja sababu sita ambazo kwazo inafaa kumsema mtu kwa asilolipenda. Miongoni mwake yumo aliyedhulumiwa anayemshtakia mwenye uwezo wa kumpatia haki, na imo tahadhari kwa Waislamu. Chini ya tahadhari hiyo anataja kuwakosoa wapokezi wa hadithi na mashahidi wenye kasoro. Hebu tufikirie maana yake. Kama wazee wetu wa elimu wangesitiri kasoro za wapokezi wote, tusingejua leo hadithi ipi imesimama na ipi imetungwa. Walikuwa wakimsema mtu mcha Mungu, anayesali usiku, kwamba kumbukumbu zake ni dhaifu. Hawakuwa wakimchukia. Walikuwa wakilinda kitu kikubwa kuliko yeye.

Na je, uhuru wa nchi si kitu kikubwa? Hapa kaka yetu angeniambia kwamba ushahidi dhidi ya mujahidina uliwasaidia Wafaransa. Ni kweli kwamba ulitumika. Mwaka 1957 wanakijiji wa eneo la Melouza, mamia yao, waliuawa na watu wa FLN kwa sababu walikuwa upande wa chama kingine cha wazalendo. Wafaransa waliitangaza habari ile duniani kote, wakati wao wenyewe wakiwatesa watu katika majumba ya Algiers mwaka huo huo. Adui akiushika ukweli wako anaupiga nao ukweli mwingine. Mtu mwenye akili lazima aliogope hilo.

Lakini tazama alivyofanya Feraoun. Aliandika siku ile ile, akaacha kuchapisha. Naona ametenganisha mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya. Kuna kuutunza ushahidi na kuna kuutoa. Aya za mwisho mwisho za Suratul-Baqara zinamkataza shahidi kukataa anapoitwa, na zinamtia dhambini moyoni anayeuficha. Kuitwa kuna wakati wake, na wakati huo unaweza ukangojewa. Ila ukingoja bila kuandika, ikifika siku ya kuitwa huna ulichokitunza: umesahau, au umekufa, au, na hili ndilo linalotokea zaidi, umeshajisimulia hadithi nyingine mara nyingi hata ukaiamini. Feraoun alikufa kabla hajaitwa. Madaftari yake yaliitwa badala yake.

Nataka nikae kidogo hapa kwenye namna ya kusoma, maana wengi wetu tunaosoma kumbukumbu za watu hawa ama tunaamini kila neno kwa sababu mwandishi "alikuwepo", ama tunatupa kitabu chote tukikuta kosa moja. Sisi tuliosoma hata kidogo elimu ya hadithi hatuna udhuru wa kufanya hivyo. Ukisoma shajara ya Feraoun kwa makini utaona sentensi zake si za daraja moja. Zipo alizoandika kwa kuona: gari za jeshi zinapita mbele ya shule, darasa limebaki na watoto wachache. Zipo alizoandika kwa kupokea: mgeni kafika kutoka kijiji fulani, kasimulia yaliyowapata jana. Hapo tayari kuna mpokezi mmoja katikati, na inabidi uulize huyo mgeni alikuwepo au naye kasikia. Na zipo sentensi za uvumi, za mji mzima kunong'ona, ambazo thamani yake si kutuambia kilichotokea bali kutuambia watu walikuwa wanaogopa nini. Sentensi hizi zote ni za mtu mkweli, lakini hazibebi mzigo sawa.

Kuna kipimo kingine ambacho shajara inacho na kumbukumbu za uzeeni hazina. Mwenye shajara hajui mwisho. Anapoandika 1956 hajui nani atashinda, hajui kama mtu anayemsifu leo atakuwa waziri au maiti. Anabadili mawazo, na mabadiliko yanabaki pale pale kwenye karatasi, na tarehe zake. Anayeandika baada ya miaka 40 anajua nani alishinda, nani akawa nani, na bila kukusudia kudanganya anaipanga njia yake ielekee pale alipofika. Ndiyo maana kumbukumbu nyingi za wapigania uhuru, za kwao na za huku kwetu, zina watu wengi waliojua tangu mwanzo. Hakuna kumbukumbu nilizosoma ambazo mtu anasema wazi kwamba mwaka fulani alikuwa upande mwingine kwa sababu alidhani ndio utashinda. Na watu hao walikuwapo tele.

Je, basi tuzikatae za uzeeni? Hapana, na mfano ninaotaka kuutoa ni wa mwanamke ambaye kisa chake kinapingana na kuniunga mkono kwa wakati mmoja.

Louisette Ighilahriz alikuwa msichana wa Algiers aliyejiunga na FLN kama mjumbe wa kupeleka vitu na habari. Tarehe 28 Septemba 1957, akiwa na miaka 21, alikamatwa katika shambulio akiwa amejeruhiwa vibaya kwa risasi, akapelekwa kwenye makao ya wanajeshi wa miavuli. Akakaa huko karibu miezi mitatu akiteswa, na kunajisiwa, bila kuuguzwa majeraha yake. Kilichomwokoa ni daktari mmoja wa jeshi hilo hilo aliyemkuta katika hali ile, akastuka, akaamuru ahamishiwe hospitali. Baadaye alifungwa, uhuru ukaja, akarudi nyumbani. Alimweleza mama yake. Mama akamsihi asimwambie mtu mwingine. Akanyamaza zaidi ya miaka 40.

Mwezi Juni mwaka 2000 alizungumza, katika gazeti kubwa la Ufaransa. Na sababu aliyoitoa haikuwa kuwafedhehesha waliomtesa. Alisema anamtafuta yule daktari, jina lake Richaud, amshukuru kabla hajafa. Daktari alikuwa ameshafariki. Mwaka 2001 kisa chake kizima kikatoka kama kitabu, alichomsimulia mwandishi wa habari akakiandika.

Tumpime kama tunavyopima mpokezi. Miaka 40 imepita. Hilo ni udhaifu. Alikuwa na maumivu makali na homa; udhaifu wa pili. Kitabu kimepita mkononi mwa mwingine, wa tatu. Majina ya wakubwa aliosema walikuwepo yalibishwa. Jenerali Bigeard alisema yote ni uongo, na mabishano na maofisa wengine yalifika mahakamani. Kwa upande wa pili, Jenerali Massu, aliyekuwa mkuu wa kikosi kile na ambaye hakuwa na faida yoyote kumsaidia, alipoulizwa na gazeti alisema anamfahamu daktari Richaud, kwamba kweli alikuwa daktari wa kikosi chake. Akaongeza kwamba anajutia mateso yale na kwamba wangeweza kufanya bila hayo. Kabla mwaka haujaisha, ofisa mwingine wa ujasusi wa wakati ule, Jenerali Aussaresses, alikiri hadharani kwamba yeye mwenyewe alitesa na kuua, tena bila majuto. Kwa hiyo shahidi dhaifu amethibitishwa katika msingi wa kisa na wapinzani wake wenyewe, ingawa si katika kila kipande. Mwanafunzi wa hadithi angejua kuliweka jambo kama hili mahali pake. Angechukua asili yake na kusimama kwenye vipande vyenye shaka, bila kuvikubali wala kuvicheka.

Ila nimemleta huyu mama kwa sababu ya ile ahadi ya kunyamaza. Mama yake alikuwa akifanya jambo ambalo mama wa Kiislamu yeyote hapa angelifanya: kumsitiri binti yake. Hakuna mtu mwenye haki ya kumlaumu. Na yapo maneno ya Qur'ani, katika Suratun-Nisaa hiyo hiyo, aya ya 148, kwamba Allah hapendi kutangazwa maneno mabaya, isipokuwa kwa mwenye kudhulumiwa. Isipokuwa. Neno hilo halimwamrishi asema. Linamwachia mlango, na ufunguo anapewa yeye aliyedhulumiwa, hapewi chama, wala serikali, wala mwandishi mwenye daftari. Alipochagua kunyamaza alikuwa katika haki yake, na alipochagua kusema pia.

Nadhani hapa ndipo mimi na yule kaka tulipokuwa tumekosea wote. Yeye aliweka kusitiri juu ya kila jambo. Mimi niliweka ushahidi juu ya kila jambo. Kumbe swali la kwanza ni: siri hii ni ya nani? Ikiwa ni jeraha alilotendewa mtu, siri ni yake, na mwingine hana ruhusa ya kulifunua kwa jina la historia. Ikiwa ni dhulma tuliyoitenda sisi, basi siri si yetu peke yetu. Yule mwanakijiji wa Kabilia aliyechinjwa kwa kudhaniwa jasusi ana sehemu yake katika siri hiyo, na watoto wake wanayo, hata kama hawajui. Tunaposema tunasitiri, tunajisitiri wenyewe kwa nguo ya mtu mwingine. Wallahu aalam.

Sasa daftari la babu.

Babu alinisimulia mengi kuhusu 1961: mikutano, vijana wa Buyenzi waliokuwa wakimpenda Mwanamfalme Rwagasore, sherehe ya ushindi wa Septemba, na kilio cha Oktoba alipouawa. Hayo aliyasimulia akiwa na furaha, hata kilio. Ukurasa ule mwingine unahusu fundi cherehani mmoja wa mtaani. Palivuja habari za kikao kimoja cha vijana, zikafika kwa Wabelgiji, na mtu mmoja akasema fundi ndiye aliyepeleka. Hawakumpiga. Walikubaliana mtaa mzima asisalimiwe, asinunuliwe, asialikwe. Babu alikuwa mmoja wa waliopita nyumba kwa nyumba kupeleka neno hilo. Hata msikitini watu walisogea mbali naye katika safu. Baada ya wiki chache fundi alifunga mashine yake, akavuka mpaka kwenda Uvira na familia yake. Baada ya uhuru ikajulikana kuwa aliyepeleka habari ni mwingine, mtu ambaye wakati ule alikuwa akipiga kelele kuliko wote dhidi ya fundi.

"Hilo usiliandike," ndivyo alivyosema. Nilidhani anajisitiri. Nikaacha ukurasa kama ulivyo, bila kuufuta wala kumwonesha mtu.

Sikukuu ya Idi iliyopita nilikwenda kumsalimu, nikamwomba nimsomee ukurasa huo. Sikutaka kuendelea kuwa nao kwa siri. Alisikiliza kimya mpaka mwisho. Nikamweleza kisa cha mwalimu wa Algeria, nikamwambia kwamba jina lake sitaliandika akipenda, ila la fundi silijui hata hivyo. Akanyamaza kwa muda, mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akaniambia sikuandika vizuri, kwa sababu nimesema fundi alifunga mashine baada ya wiki chache. Zilikuwa siku 9. Alikuwa akizihesabu, kwa sababu fundi alikuwa na kanzu yake, kanzu ya harusi aliyokuwa amempelekea kabla ya habari zile. Siku ya tisa mtoto wa fundi aliileta, imeshonwa, imekunjwa, na hakutaka kupokea hela iliyobaki.

Nikamuuliza jina la fundi. Alinitajia, na la baba yake, na la mtoto aliyeleta kanzu, akanifanya niyarudie mpaka nikayashika. Jina lake mwenyewe hatukulizungumzia tena.